Ritifaa ya Chang'ombe: jinsi ya kujenga utafutaji usiovunjika wala kupenyezwa

Kwenye tovuti ya kupangisha nyumba, ukurasa unaotumika sana ni ule wa kutafutia. Mpangaji huchagua mtaa, huweka kiwango cha kodi asichotaka kukizidi, huongeza idadi ya vyumba, na pengine neno moja kama "kisima" au "uzio". Halazimiki kujaza vyote. Mmoja hujaza mtaa peke yake, mwingine mtaa na kodi, mwingine hajazi chochote bali anataka nyumba za bei nafuu zitangulie.

Sasa mpangaji wa Dar es Salaam anaandika Chang'ombe, na badala ya orodha ya nyumba anapata ukurasa wa hitilafu. Akiandika Kurasini, nyumba zinakuja bila shida. Kwenye tovuti iliyojengwa vivyo hivyo Nairobi, anayekwama ni mtafutaji wa Lang'ata, na Unguja ni wa Ng'ambo. Majina hayo yote yana ritifaa, ile alama ndogo inayotenganisha ng' na ng. Ritifaa haikuleta ubovu huo. Ubovu ulikuwapo tangu siku programu ilipoandikwa, na alama hiyo imeuanika tu.

Chanzo chake kiko katika namna programu inavyoiuliza hifadhidata swali. Hifadhidata nyingi za tovuti huulizwa kwa lugha ya SQL, na katika lugha hiyo maneno huwekwa kati ya ritifaa mbili ili ijulikane yanaanzia na kuishia wapi. Kwa kuwa vichujio vinavyojazwa hubadilika kila mara, mwandaaji programu wengi hulitunga swali kwa kuunganisha vipande vya maandishi, kimoja baada ya kingine. Kwa lugha ya Python huwa hivi:

```python
sql = "SELECT * FROM nyumba WHERE hali = 'wazi'"
if mtaa:
    sql += " AND mtaa = '" + mtaa + "'"
if kodi_juu:
    sql += " AND kodi <= " + kodi_juu
```

Mpangaji akiandika Kurasini, mwisho wa swali unasomeka `mtaa = 'Kurasini'`, na mambo yanakwenda sawa. Akiandika Chang'ombe, unakuwa `mtaa = 'Chang'ombe'`. Hifadhidata inaona neno Chang limefungwa, kisha inakutana na ombe, neno ambalo halina maana yoyote katika SQL. Hifadhidata ya SQLite hujibu kwa ujumbe huu: `near "ombe": syntax error`.

Ujumbe huo ni onyo zito kuliko unavyoonekana. Unamaanisha kwamba herufi alizochapa mgeni zimesomwa kama sehemu ya amri. Ikiwa ritifaa iliyoingia kwa bahati mbaya inaweza kuvunja swali, iliyowekwa kwa makusudi inaweza kulitunga upya. Mtu akiandika `x' OR 1=1 --` kwenye kisanduku cha mtaa, ritifaa yake inafunga jina, sharti la pili linakuwa kweli daima, na vistari viwili vinaifanya hifadhidata ipuuze kilichobaki. Anaonyeshwa nyumba zote, hata zile zilizofichwa. Kupitia mwanya uleule anaweza kuambatisha swali la pili, linalosoma jedwali la watumiaji na namba zao za simu.

Udungaji huu wa SQL ulielezwa hadharani na Jeff Forristal katika jarida la Phrack mwezi Desemba 1998. Miaka 17 baadaye, Oktoba 2015, kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza ilidukuliwa kwa njia hiyo hiyo, kupitia kurasa za zamani ilizorithi iliponunua biashara ya kampuni nyingine. Taarifa za wateja 156,959 zilichukuliwa, na 15,656 kati yao walipoteza pia namba za akaunti zao za benki. Mwaka uliofuata mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi hiyo iliitoza kampuni faini ya pauni 400,000. Mdukuzi hakuhitaji mbinu mpya, kwa kuwa kurasa zilizosahauliwa zilitosha.

Dawa ya kwanza ambayo wengi huikimbilia ni kusafisha maandishi: kila ritifaa iandikwe mara mbili, kwani ndivyo SQL inavyotambua ritifaa iliyo ndani ya neno. Chang'ombe itapatikana, na ukurasa utaonekana umepona. Lakini tazama tena mstari wa kodi katika msimbo ule. Namba haizungushiwi ritifaa. Mtu akituma `0 OR 1=1` mahali pa kodi, hakuna ritifaa ya kusafishwa, na swali limetekwa vilevile. Zaidi ya hayo, usafishaji unataka mwandaaji akumbuke kila mahali, kila siku, na kila anayekuja kuongeza kichujio baada yake akumbuke pia. Pakisahaulika pamoja tu, mlango uko wazi.

Njia ya kudumu ni kutenganisha swali na thamani zake. Programu hupeleka swali lenye nafasi tupu, kila nafasi ikiwekewa alama ya kiulizi, na thamani hupelekwa kando. Hifadhidata hulisoma swali kwanza na kulielewa lote: jedwali gani, masharti gani, yameungana vipi. Baada ya hapo ndipo thamani hukaa kwenye nafasi zake. Ni kama fomu ya benki iliyokwisha kuchapwa: ukiandika sentensi ya kuamuru malipo kwenye nafasi ya jina, karani ataiona kuwa jina la ajabu, wala hatalipa kitu. Vivyo hivyo `x' OR 1=1 --` inageuka kuwa mtaa wenye jina lisilokuwapo, na utafutaji unarudi mtupu.

Hapo ndipo waandaaji hukwama. Watasema: fomu iliyochapwa ina nafasi zile zile siku zote, ilhali vichujio vyetu hubadilika. Leo kuna sharti moja, baadaye manne. Kwa hiyo wanarudi kuunganisha maandishi, wakiamini hawana njia nyingine. Ukweli ni kwamba umbo la swali linaweza kubadilika kadiri inavyohitajika, mradi kila kipande cha umbo hilo kiwe kimeandikwa na mwandaaji mwenyewe. Programu hushika orodha mbili zinazokua pamoja, moja ya masharti na nyingine ya thamani:

```python
masharti = ["hali = ?"]
thamani = ["wazi"]
if mtaa:
    masharti.append("mtaa = ?")
    thamani.append(mtaa)
if kodi_juu:
    masharti.append("kodi <= ?")
    thamani.append(int(kodi_juu))
sql = "SELECT * FROM nyumba WHERE " + " AND ".join(masharti)
matokeo = db.execute(sql, thamani)
```

Maandishi bado yanaunganishwa, lakini yote yametoka mkononi mwa mwandaaji. Alichochapa mpangaji hakigusi `sql` hata mara moja. Agizo la `int` nalo linahakikisha kodi ni namba kabla haijafika mbali. Aliyeandika "laki mbili" aombwe kwa upole kuandika tarakimu.

Vichujio viwili vinahitaji uangalifu zaidi. Cha kwanza ni cha mitaa mingi kwa pamoja. Nafasi moja hubeba thamani moja, kwa hiyo mitaa mitatu inahitaji viulizi vitatu: programu huhesabu mitaa iliyochaguliwa, huandika `mtaa IN (?, ?, ?)`, na kuongeza majina matatu kwenye orodha ya thamani. Kama hakuna mtaa uliochaguliwa, sharti hilo liachwe kabisa, kwa sababu mabano matupu ni kosa katika hifadhidata kama PostgreSQL na MySQL. Cha pili ni cha neno ndani ya maelezo. Sharti ni `maelezo LIKE ?`, na alama za asilimia zinazoruhusu maneno mengine mbele na nyuma huwekwa kwenye thamani, yaani `"%" + neno + "%"`. Zikiwekwa kwenye swali kando ya kiulizi, swali halitafanya kazi.

Kuna mahali ambapo kiulizi hakisaidii, napo ni kwenye kupanga matokeo. Mpangaji anataka nyumba nafuu zitangulie, na mwandaaji anaandika `ORDER BY ?` akipeleka neno `kodi` kama thamani. Katika SQLite hakuna hitilafu inayotokea, lakini nyumba hazipangiki. Hifadhidata imelichukua `kodi` kuwa neno tupu, lililo sawa kwa kila nyumba. Nafasi hubeba thamani tu. Haiwezi kubeba jina la safu, jina la jedwali wala mwelekeo wa kupanga. Wengi wakifika hapa huunganisha tena alichotuma mtumiaji, na mwanya uliozibwa mbele unafunguka nyuma. Jibu ni orodha ya ruhusa:

```python
mipango = {"nafuu": "kodi ASC", "mpya": "tarehe DESC"}
sql += " ORDER BY " + mipango.get(chaguo, "tarehe DESC")
```

Alichotuma mtumiaji kinatumika kuchagua tu kati ya vipande vilivyokwisha kuandikwa. Akituma kitu kisichojulikana, anapata mpangilio wa kawaida.

Anayebadilisha mfumo mkongwe asiishie kwenye ukurasa wa kutafutia. Tovuti nyingi humruhusu mpangaji kuhifadhi utafutaji wake ili atumiwe barua pepe nyumba mpya zikipatikana. Utafutaji huo huhifadhiwa salama kwa viulizi, kisha usiku programu nyingine huusoma kutoka kwenye hifadhidata na kuuunganisha ndani ya swali jipya, kwa imani kwamba kilichotoka ndani ya nyumba hakina madhara. Maandishi ya mdukuzi yaliyolala kimya mchana hufanya kazi yake hapo. Thamani hutumwa kwa kiulizi kila inapotumika, hata kama imetoka kwenye jedwali lako mwenyewe.

Hadaa nyingine iko kwenye mwonekano wa msimbo. Mtu anaweza kuita `db.execute(sql, thamani)`, lakini mistari michache juu yake `sql` imekwisha kuunganishwa na alichochapa mtumiaji. Kuita amri sahihi hakutoshi. Swali lenyewe lifuatiliwe hadi lilipoanzia. Kwa hiyo ukaguzi huanza kwa kutafuta kila mahali panapotungwa SQL, na kwa kila kipande kinachoungwa kuuliza kama kimeandikwa na mwandaaji au kimetoka kwa mtu mwingine.

Kisha lije jaribio. Kabla ya kubadilisha chochote, andika mchanganyiko mbalimbali wa vichujio vya kawaida na uhifadhi orodha za nyumba zinazorudi. Baada ya mabadiliko orodha hizo zisitofautiane. Halafu kila kisanduku cha maandishi kipewe Chang'ombe, kila kisanduku cha namba kipewe `0 OR 1=1`, na chaguo la kupanga lipewe neno lisilo kwenye orodha ya ruhusa. Chang'ombe ilete nyumba za Chang'ombe, namba ya uongo ikataliwe, na mpangilio urudi ule wa kawaida. Mwisho, akaunti ambayo ukurasa wa kutafutia hutumia kuingia kwenye hifadhidata ipewe ruhusa ya kusoma majedwali unayoyahitaji tu. Ruhusa hiyo finyu haizibi mwanya, lakini kama kuna kichujio kilichosahaulika, anayekipenya hatafika kwenye jedwali la watumiaji wala hataweza kufuta nyumba hata moja.