Pambizo si shairi

Siku hizi si ajabu, katika shule za Nyeri, Karatina au Nanyuki, kuona shairi likisomwa kutoka katika picha badala ya kitabu. Nakala ya kitabu huwa moja na wanafunzi ni wengi. Mwalimu huupiga picha ukurasa kwa simu yake, akaichapisha picha hiyo dukani mjini kwa wino mweusi, na mwanafunzi wa bweni, ambaye kwa kawaida haruhusiwi kuwa na simu, akapokea karatasi mkononi. Juu ya karatasi hiyo pana mambo mawili yaliyochanganyika. Kuna shairi lenyewe, na kuna maandishi ya pambizoni yaliyoachwa na msomaji aliyetangulia. Mwanafunzi anatakiwa ayafupishe hayo yote yawe maelezo ya uchambuzi kuhusu taswira, toni na muundo.

Hapo ndipo kosa huanzia. Wengi hudhani kwamba kufupisha ni kuyanakili maneno ya pambizoni kwa hati nzuri zaidi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anamchambua msomaji aliyetangulia, si mshairi. Swali la ushairi katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, katika mtihani wa KCSE, limekuwa na alama 20, na mtahini hatoi alama kwa dokezo lisiloweza kuthibitishwa kwa maneno ya shairi. Basi na tutazame mfano mmoja kwa utulivu. Shairi lifuatalo nimelitunga kwa ajili ya makala haya, na maandishi ya pambizoni nitakayoyataja nimeyabuni kwa kufuata mtindo wa yale yanayoonekana katika vitabu vya wanafunzi wetu.

Mzee wa mlimani, kofia yako ishara,
Nyeupe juu kichwani, yang'aa kama kinara,
Mito yako mabondeni, yatunywesha bila kura,
Ni nani jamani nani, kakuharibia sura?

Tuliingia mwituni, mashoka bila busara,
Miti ikalia chini, tukaita biashara,
Leo jua la jioni, lakukuta u fukara,
Ni nani jamani nani, kakuharibia sura?

Sitazami ugenini, kutafuta wa madhara,
Shoka limo mikononi, na mfukoni ujira,
Swali lilo mdomoni, larudi kwangu hadhara,
Ni mimi jamani mimi, nimekuharibu sura.

Tuseme kwamba pambizoni mwa ukurasa huo pana maandishi haya. Juu kabisa pameandikwa "Prof. Wangari". Kando ya mshororo wa pili pana "tash.", na kando ya mshororo wa tatu pana "njaa". Mshororo wa nne umepigiwa mstari na kuandikwa "kibwagizo". Katika ubeti wa pili, kando ya miti, pana "tash." tena, na chini yake neno "huzuni". Mwishoni kabisa, neno "mimi" limezungushiwa duara na kuwekewa "vina?".

Kabla ya kuyafasiri haya, sharti tuwe na hakika kwamba shairi lote limo katika picha. Ukurasa wa kitabu kinene hupinda karibu na mshono, na maneno ya upande huo hubanwa au kumezwa na kivuli. Kijipicha cha mkono uliotikisika hufanya herufi zikaribiane. Lakini shairi la arudhi lina kipimo chake, na kipimo hicho humfaa mwanafunzi kama mizani inavyomfaa mnunuzi wa kahawa. Katika mfano wetu kila mshororo una mizani 16, yaani 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Mwanafunzi anakili shairi lote kwa mkono, bila neno lolote la pambizoni, kisha ahesabu. Mshororo ukitoka na mizani 14, aijue kwamba picha imekula neno, asiharakishe kumlaumu mshairi.

Vina navyo vina kazi ya pili, na hapa katika miji ya Mlima Kenya kazi hiyo ni kubwa. Lugha ya Kikuyu ina sauti ya "r" lakini haina "l", na wanafunzi wengi wanaoizungumza huzibadilisha sauti hizo wanaposema Kiswahili. Darasani mmoja husoma kwa sauti na wengine wakaandika. Hivyo ndivyo "bila kura" hugeuka kuwa "bila kula". Ubaya ni kwamba kosa hili halijulikani kwa hesabu, kwani mizani ni zile zile, wala halijulikani haraka kwa maana, kwani "yatunywesha bila kula" ni maneno yanayoweza kusemwa. Tena tunamwona msomaji aliyetangulia akidanganyika, ndiyo sababu akaandika "njaa". Kinachofichua kosa ni kina cha mwisho. Mishororo yote kumi na miwili inaishia kwa -ra, kwa hiyo neno lililoandikwa ni "kura". Mshairi anasema kwamba mito hutunywesha sote bila kuchagua nani apate na nani akose. Hilo ni sifa ya ukarimu, wala halihusiani na njaa. Dokezo hilo basi linafutwa.

Tuje kwenye "tash." mbili. Mkato huu ni mtego, kwa kuwa unaweza kuwa tashbihi au tashihisi, na mwanafunzi anayenakili tu huandika neno moja mara mbili. Dawa ni kurudi kwenye mshororo. Katika "yang'aa kama kinara" pana kiunganishi "kama", kwa hiyo kofia inalinganishwa waziwazi na kinara. Hiyo ni tashbihi. Katika "miti ikalia chini" hakuna ulinganisho wowote, bali miti imepewa tendo la binadamu. Hiyo ni tashihisi. Aidha pana taswira kubwa ambayo pambizo haikuitaja hata kidogo. Mlima umeitwa mzee na theluji imeitwa kofia, wala neno "theluji" halionekani popote. Huo ni utambulisho wa sitiari, na ndio unaolibeba shairi zima, kwa maana ubeti wa pili unamwonyesha mzee yule yule akiwa fukara. Ukimya wa pambizo si ushahidi kwamba hakuna kitu.

Vipi kuhusu jina la Wangari? Msomaji wa Nyeri ana haki ya kumkumbuka. Profesa Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akaanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Hayo ni kweli, lakini shairi halimtaji, wala hakuna mshororo unaomwashiria yeye badala ya mtu mwingine. Dokezo la namna hii huweza kumsaidia mwalimu kuanzisha mazungumzo darasani. Katika maelezo ya taswira, toni na muundo halina nafasi.

Sasa toni. Pambizo imesema "huzuni". Neno hilo linaeleza jinsi msomaji alivyohisi, ilhali toni ni msimamo wa nafsineni kuhusu anachokisema. Ili kuipata, tufuate nani anasema na nani analaumiwa. Katika ubeti wa kwanza mishororo mitatu inasifu, kisha swali linamtafuta mkosaji asiyejulikana: "nani". Katika ubeti wa pili viambishi vimebadilika, "tuliingia", "tukaita". Swali ni lile lile, lakini jibu limeshaanza kuchungulia: ni sisi. Katika ubeti wa tatu limekuwa mimi. Kwa hiyo toni haikai mahali pamoja. Inatoka kwenye sifa na lawama, inapitia kejeli katika "tukaita biashara", na kuishia kwenye ungamo. Neno "huzuni" peke yake lingeifunika safari hiyo yote.

Hapo ndipo duara lile la mwisho linapopata maana. Msomaji aliyetangulia aliona kwamba kina cha kati ni -ni katika mishororo kumi na mmoja, lakini katika mshororo wa mwisho kimekuwa -mi. Akashuku kosa. Mwanafunzi mwingine, akiisha kuona neno "kibwagizo" katika ubeti wa kwanza, angeliandika "nani" kwa mazoea bila kuitazama picha. Wote wawili wangelipoteza shairi. Mshairi alishika kina kimoja hadi mwisho, akakivunja mahali pamoja tu, tena pale pale nafsineni inapokoma kuuliza na kuanza kujibu. Alama ya kuuliza nayo imeondoka. Muundo na toni vimegeuka kwa pamoja. Alama hiyo ya pambizoni, ingawa ilikuwa na shaka, ndiyo yenye thamani kuliko nyingine zote. Ilistahili kuchunguzwa, si kunakiliwa wala kufutwa.

Baada ya uchunguzi huo, maelezo yenyewe huwa mafupi. Nayaandika hapa kama ambavyo mwanafunzi angeyaandika daftarini.

Taswira: Mlima ni mzee na theluji ni kofia yake (sitiari). Kofia inang'aa "kama kinara" (tashbihi), na miti "ikalia" ilipokatwa (tashihisi). Mzee mwenye kofia ya heshima anageuka fukara, na hivyo msomaji anaona uharibifu kama aibu aliyofanyiwa mzazi.

Toni: Sifa na lawama katika ubeti wa 1, kejeli katika wa 2, ungamo katika wa 3. Mabadiliko yanaonekana katika nafsi: nani, sisi, mimi.

Muundo: Tarbia ya beti 3, mizani 8 na 8, vina -ni na -ra. Mshororo wa nne ni kibwagizo katika beti 2 za kwanza, kisha unageuzwa kuwa jibu. Kina cha kati kinavunjwa mara moja, kwenye "mimi", ili ungamo lisikike. "Tukaita" badala ya "tukaiita" ni inkisari ya kutosheleza mizani.

Kila dai hapo limefungwa kwenye neno la shairi, na anayetilia shaka anaweza kulitazama. Liko jambo moja tu ambalo karatasi nyeusi haiwezi kulirudisha. Kalamu nyekundu ya mwalimu na penseli ya mwanafunzi huchapwa kwa rangi moja, na baada ya hapo hakuna ajuaye ni nani aliyeandika "huzuni" na ni nani aliyeshuku vina. Kwa hiyo mwalimu anayepiga picha na aandike, kabla ya kuituma, yapi ni yake. Asipofanya hivyo, mwanafunzi na ayahesabu yote kuwa ya mtu asiyemjua, ayapeleke mbele ya mishororo, na mishororo iamue.