Mwanya wa Bibi

Katika kisa hiki cha kubuni, mjukuu anampelekea bibi yake wa Tanga simu. "Bibi, ndiwe huyu, ulipokuwa msichana." Bibi anavaa miwani, anatazama. "Mzuri, lakini mwanya wangu uko wapi?"

Mjukuu alikuwa ameipa programu ya akili bandia picha ya bibi ya juzi. Programu nyingi za aina hii huanza na chengachenga zisizo na umbo, kisha huzisafisha hatua kwa hatua mpaka sura itokee. Macho na pua huyafuata ya kwenye picha. Meno ya mbele ya bibi yalishang'oka, kwa hiyo programu ilijaza pengo kwa meno ya kawaida, yaliyopangana, iliyoyazoea kwenye picha ilizofunzwa.

Ukitaka kujua kilichobuniwa, tengeneza picha upya mara kadhaa: kinachobadilika kila mara ni cha kukisia. Tazama pia maandishi ya kanga. Wakati mwingine huwa vijiherufi visivyosomeka.

Picha ya zamani, hata iliyofifia, ingeuonyesha mwanya. Hii mpya iandikwe "imetengenezwa kwa kompyuta", vitukuu wasije wakaidhania ya kamera.