Chanzo, Athari na Pendekezo: Hoja ya Udhaifu wa Udhibiti wa Ufikiaji katika Barua kwa Menejimenti

Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 265 kinamtaka mkaguzi wa nje kuwasilisha kwa maandishi udhaifu mkubwa alioubaini katika udhibiti wa ndani, akiueleza pamoja na athari zake. Kwa kawaida maelezo hayo huwekwa katika barua kwa menejimenti. Makala haya yanaonyesha kwamba hoja hujirudia mwaka baada ya mwaka pale pendekezo linapogusa hali iliyoonekana na kuacha chanzo chake.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa chama cha akiba na mikopo kinachoidhinisha mikopo kwa mfumo wa kompyuta. Mkaguzi analinganisha orodha ya akaunti 46 za watumiaji na orodha ya mishahara. Akaunti 5 zinabainika kuwa za watumishi walioacha kazi, na moja kati yake ilitumika kuingia mfumoni siku 12 baada ya mwenyewe kuondoka. Hiyo ndiyo hali. Kigezo ni kanuni ya chama chenyewe, inayotaka akaunti ifungwe siku ya mwisho ya utumishi.

Kosa la kawaida ni kuandika kuwa chanzo ni kutofungwa kwa akaunti. Huko ni kuirudia hali kwa maneno mengine. Mkaguzi anapouliza zaidi, msimamizi wa mfumo anaeleza kwamba hufunga akaunti anapoarifiwa, ilhali fomu ya makabidhiano ya mtumishi anayeondoka haina sehemu ya saini yake. Chanzo, basi, ni kukosekana kwa kiungo kati ya ofisi ya utumishi na msimamizi wa mfumo.

Katika athari, lililotokea hutenganishwa na linaloweza kutokea. Kumbukumbu za mfumo zinathibitisha kwamba akaunti ilitumika. Hazithibitishi kwamba fedha zilipotea. Hata hivyo, kwa kuwa akaunti hiyo ina mamlaka ya kuidhinisha, mkopo ungeweza kupitishwa kwa jina la mtu asiyekuwepo, na mhusika halisi asijulikane. Kiwango hicho hakimlazimishi mkaguzi kukadiria athari kwa fedha, lakini sentensi tupu kwamba hasara inaweza kutokea haimwelezi msomaji ni muamala upi ulio hatarini.

Pendekezo huwa na sehemu mbili. Kwanza, akaunti zote 5 zifungwe mara moja, na kila kilichofanywa kupitia ile iliyotumika kichunguzwe. Pili, fomu ya makabidhiano iongezwe saini ya msimamizi wa mfumo, na wakuu wa idara wahakiki orodha ya watumiaji kila robo mwaka. Majibu ya menejimenti yataje cheo cha mtekelezaji na tarehe ya kukamilisha.

Mwaka unaofuata, kukuta akaunti hizo 5 zimefungwa hakutoshi kuifunga hoja. Mkaguzi huangalia watumishi walioondoka baada ya barua kutolewa. Akaunti zao zikiwa bado hai, chanzo hakijaondolewa.