Kiraka Kinachopumua na Shati

Kwenye mahojiano ya televisheni, kipaza sauti kidogo kinachobanwa kifuani hakimshangazi mtu. Lakini kwenye filamu, tangazo au video ya harusi, kidubwana hicho cheusi na waya wake huvuta macho ya mtazamaji. Mhariri akiletewa picha ambayo haiwezi kurudiwa, humwekea msemaji kiraka: kipande cha nguo safi kinachofunika maiki na kutembea na kifua fremu kwa fremu.

Kazi hiyo hufanywa kwa programu kama DaVinci Resolve, kwenye ukurasa wake wa Fusion, au After Effects pamoja na Mocha. Vitufe vinatofautiana, ila mantiki ni moja.

Chukua mfano wa mhadhiri aliyeketi, amevaa shati la samawati lenye mistari myembamba. Picha inamwonyesha kuanzia kichwani hadi juu kidogo ya kiuno, na kipande chote ni sekunde 12. Kwa fremu 25 kila sekunde, hizo ni fremu 300. Katika picha ya upana wa pikseli 1920, sentimita moja ya shati inachukua pikseli 15 hivi. Maiki yenye upana wa sentimita 2 ni pikseli 30, na waya wa milimita 2 ni pikseli 3 tu. Maiki imebanwa kwenye ukanda wa vifungo, kati ya kifungo cha pili na cha tatu, na waya unashuka kidogo kabla ya kuzama ndani ya shati.

Jambo la kwanza si kufunika, ni kufuatilia. Mhariri hutafuta fremu ambayo mhadhiri ametazama mbele, mikono iko chini na kitambaa hakijakunjamana. Hiyo ndiyo fremu ya rejea. Juu yake huchora umbo kuzunguka sehemu ya kifua, kisha huiachia programu ilinganishe nyuzi, mishono na mistari ya sehemu hiyo katika kila fremu. Kwenye Fusion chombo hicho huitwa Planar Tracker, na neno hilo la kwanza lina maana yake: programu inadhani inafuatilia kitu bapa, kama ukuta au meza.

Kifua si bapa. Kinapanda kwa pumzi na kuzunguka msemaji anapogeuka, na kola hufuata shingo badala ya kufuata mbavu. Kwa hiyo umbo lisizidi eneo linalokwenda pamoja. Kwa mhadhiri wetu, kipande cha ukanda wa vifungo na sentimita 4 au 5 za shati kila upande kinatosha. Kola iachwe nje, na maiki yenyewe itobolewe ndani ya umbo isihesabiwe, maana hucheza kwenye kibanio chake kwa namna isiyo ya nguo.

Ufuatiliaji ukishamalizika, usiuamini kabla ya kuupima. Weka alama ndogo ya msalaba wa rangi kali juu ya mshono ulio jirani, uifungie kwenye mwendo uliopatikana, kisha tazama fremu zote 300. Msalaba ukibaki juu ya ushono uleule, mwendo ni sahihi. Ukianza kuelea, hata kwa pikseli mbili, kiraka nacho kitaelea, na jicho huona kitu kinachoteleza juu ya nguo upesi kuliko linavyoona doa lililotulia. Hapo rudi kwenye fremu ulipoanzia kuteleza, rekebisha umbo, ufuatilie upya kutoka hapo.

Sasa ndipo kiraka kinapokuja, na mhariri ana njia mbili. Ya kwanza ni kugandisha fremu ya rejea, kufuta maiki kwa brashi ya kunakili, kukata sehemu iliyofutwa na kuibandika juu ya picha kwa mwendo uliofuatiliwa. Faida yake ni kwamba unachora mara moja tu. Hasara yake ni kwamba kiraka kimekufa. Chembechembe za kamera zinazotetemeka katika picha nzima zimeganda ndani yake, na mwanga ukibadilika kifuani, chenyewe hakibadiliki. Chembechembe unaweza kuzirudishia, kwani Fusion ina chombo cha Film Grain. Mwanga itabidi uufukuzie mwenyewe, ukipandisha na kushusha ung'avu wa kiraka mahali pale msemaji anapoinama au kugeuka.

Njia ya pili ni kuchukua kitambaa cha fremu hiyohiyo kutoka mahali pengine. Kwenye shati la mhadhiri, vifungo vimeachana kwa sentimita 9, yaani pikseli 135 hivi. Ukichukua ukanda ulio kati ya kifungo cha tatu na cha nne, ukaupandisha kwa umbali huohuo mmoja, mishono inaungana na mistari inaendelea bila kukatika. Fundi cherehani hufanya hivyohivyo anapopanga maua ya kiraka yafuate maua ya gauni. Kwa kuwa kitambaa hiki ni cha wakati uleule, kinakuja na chembechembe zake na mwanga wake. Ila kina hatari yake: mkunjo ukipita chini, pacha wake hutokea juu, na mtazamaji huona mikunjo miwili inayofanana. Kwa msemaji aliyetulia, njia hii huanza vizuri zaidi. Kwa anayejipindapinda, heri kiraka kilichogandishwa, tena kimegawanywa vipande viwili au vitatu, kila kimoja na mwendo wake.

Kingo za kiraka hulainishwa kwa pikseli 4 hadi 6. Ukilainisha zaidi, maiki huanza kuchungulia pembeni kama kivuli. Kivuli chenyewe nacho kisisahaulike: taa ikitoka kushoto, maiki huacha weusi kulia kwake, na kiraka kisichofunika weusi huo humwacha mtu na kivuli kisicho na mwenyewe. Ili kugundua kasoro, pandisha ung'avu na ukali wa picha kupita kiasi kwa muda. Kingo ambazo hazikuonekana zitajitokeza zenyewe.

Tatizo linalokula saa nyingi ni mkono. Mhadhiri akiupitisha mbele ya kifua, kiraka kitaupaka shati juu ya vidole. Hakuna njia ya mkato: vidole vichorewe umbo fremu kwa fremu, ili mkono urudishwe juu ya kiraka. Mkono ukipita kwa sekunde moja, ni fremu 25 za kuchora.

Kuna nguo zinazokataa kazi hii. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kumulikwa kwa taa kali haina alama ambayo programu inaweza kushika, hivyo mwendo utafutwe kwenye tarizi ya shingoni au kwenye mshono, ukikumbuka kwamba shingo na kifua haviendi sawa. Shela jepesi linaloyumba huacha hata huo mshono usiaminike.

Kiraka pia hakigusi sauti: maiki iliyokuwa ikisuguana na nguo itaendelea kukwaruza masikioni. Kwa hiyo, kabla kamera haijawashwa, pitisha waya ndani ya shati, ubane kwa utepe wa kitabibu, na geuza kibanio kitazame ndani. Dakika mbili hizo zinamwokolea mhariri mchana mzima.