Tela Likiyumba Nyuma ya Gari: Mafunzo ya Miteremko ya Rungwe

Barabara itokayo mpaka wa Kasumulu kuelekea Mbeya huanza katika uwanda wa Kyela, usiozidi sana mita 500 juu ya usawa wa bahari, ikapanda hadi Tukuyu ulioko kwenye mita 1,500 na zaidi. Ni njia ya malori, ya mabasi na ya matela ya ndizi. Aidha, ni njia ya wageni watokao kusini, hasa Afrika Kusini, wanaopita Malawi wakivuta karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu yenye vitanda na jiko, nyuma ya magari mazito ya familia kama vile Land Cruiser. Siku hizi hata wananchi wenzetu wenye uwezo, na baadhi ya idara, wameanza kuvuta vyombo vya namna hiyo. Ndugu zetu wa Visiwani wanaovuta boti kwenye tela nao wamo, maana kanuni ni moja.

Magari mapya ya aina hii huja na vitu viwili ambavyo wauzaji huvisifu mno. Cha kwanza ni hali ya kuvuta, ambayo katika magari mengi huandikwa TOW/HAUL. Cha pili ni kidhibiti cha kuyumba kwa tela. Tumeona inapasa kueleza kila kimoja kinafanya nini, na muhimu zaidi, kipi hakiwezi kufanya. Dereva anayedhani kwamba kitufe kimemaliza kazi anahatarisha jamaa zake, na anawahatarisha pia wananchi wa Lufingo na vijiji vingine vya Rungwe wanaotembea kando ya barabara.

Tuanze na hali ya kuvuta. Gari lenye giaboksi ya otomatiki limetengenezwa lipande gia ya juu mapema ili kupunguza mafuta. Likivuta mzigo mlimani, tabia hiyo huwa kasoro: hupanda gia, hukosa nguvu, hushuka gia, kisha hupanda tena. Kila badiliko huongeza joto katika mafuta ya giaboksi. Dereva akibonyeza TOW/HAUL, kompyuta ya gari huchelewa kupanda gia na huishikilia ile ya chini kwa muda mrefu zaidi. Kwenye mteremko, dereva akigusa breki, gari nalo hushusha gia ili injini isaidie kuzuia.

Msaada huo wa injini si jambo dogo. Tuchukue gari la kilo 2,600 pamoja na karavani ya kilo 2,000, jumla kilo 4,600. Vikishuka kilomita 5 kwenye mwinamo wa asilimia 8, vitakuwa vimeshuka mita 400. Hata tukiondoa nguvu inayomezwa na matairi na upepo, hubaki joto linalotosha kuchemsha karibu lita 40 za maji ya kawaida. Dereva akitegemea breki peke yake, joto hilo lote litaingia katika vyuma vya breki. Dalili yake ni harufu ya kuungua na kanyagio linalozidi kuzama. Kwa hiyo, hali ya kuvuta iwekwe kabla ya mteremko kuanza, gia ya chini ichaguliwe kwa mkono ikibidi, na mtambo wa kushikilia mwendo uzimwe. Gari lisilo na kitufe hicho si kwamba limeshindwa. Dereva na achague gia mwenyewe, ile ile ambayo angeitumia kuupanda mlima huo.

Sasa tuje kwenye kuyumba. Tela lililofungwa nyuma ya gari hufanana na mkia. Upepo wa basi linalopita, shimo, au usukani uliogeuzwa kwa ghafla huweza kulisukuma upande mmoja. Kwa mwendo wa kiasi, hupepesuka mara moja au mbili kisha hutulia. Lakini kila tela lina kasi ambayo likiivuka, kupepesuka hakufifii tena bali hukua: mkupuo wa pili huwa mkubwa kuliko wa kwanza, na wa tatu mkubwa kuliko wa pili, hata mkia ukaamua mahali kichwa kinapokwenda. Mteremko huishusha kasi hiyo ya hatari, kwa sababu karavani hulisukuma gari badala ya kuvutwa nalo.

Kidhibiti cha kuyumba ni sehemu ya mtambo ule ule unaozuia gari kuteleza. Vihisi hupima namna gari linavyogeuka kulia na kushoto bila usukani kuamuru. Kompyuta ikitambua mapigo ya tela, hupunguza nguvu ya injini na kukamata breki za magurudumu ya gari moja moja, upande huu kisha ule, kuyapinga mapigo hayo. Taa ya kuteleza kwenye dashibodi humeta. Katika magari mengi hakuna kitufe cha peke yake cha kukiwasha: kipo wakati wote, isipokuwa dereva amezima mtambo mzima. Basi, jambo la kwanza ni kuhakikisha maandishi VSC OFF hayaonekani. Watu huuzima ili watoke kwenye tope la Rungwe, kisha wakasahau kuuwasha wafikapo kwenye lami.

La pili ni plagi ya umeme wa tela. Magari kadhaa hutambua kwamba yanavuta kwa kupitia plagi hiyo. Ichomekwe, kisha mtu mmoja asimame nyuma athibitishe taa za breki na za kuonyesha upande. Karavani ikiwa na breki za umeme zinazoongozwa kutoka ndani ya gari, nguvu yake hupangwa kwenye kifaa kilichoandikwa GAIN. Nenda mahali tambarare pasipo watu, endesha kilomita 30 hadi 40 kwa saa, kisha kamata breki ya tela peke yake kwa mkono. Lazima uhisi inakuvuta nyuma kwa nguvu bila magurudumu yake kukwama. Yakikwama, punguza, usipohisi kitu, ongeza. Barabara ikilowa, pima upya, kwa kuwa tairi hukwama upesi zaidi.

Hadi hapo vitufe vimekwisha, na sasa tunafika kwenye kiini. Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kimechunguza kwa miaka mingi uthabiti wa karavani, na mambo yanayojirudia ni haya: mzigo umepangwa wapi ndani ya tela, na pua ya tela inalemea kiasi gani kwenye gari. Katika nchi zenye karavani nzito, kama Australia, kipimo kinachopendekezwa ni pua kubeba karibu asilimia 10 ya uzito wa tela. Kwa karavani yetu ya kilo 2,000, hizo ni kilo 200.

Tufuate safari moja ya mfano. Familia imefika Lufingo salama, pua ikiwa na kilo 200. Wakati wa kurudi wananunua mikungu minne ya ndizi, kila mmoja kilo 25, wanaipanga nyuma kabisa ya karavani, mita 2.5 nyuma ya ekseli. Kutoka ekseli hadi mahali pa kuunganisha ni mita 5. Kwa hesabu ya mizani, kilo 100 hizo zinainua pua kwa kilo 50. Kisha jenereta ya kilo 40, ili isinuke petroli ndani, inafungwa kwenye bampa la nyuma, umbali ule ule. Hiyo inainua pua kwa kilo 20 nyingine. Karavani sasa ina kilo 2,140, lakini pua imebaki na kilo 130, yaani asilimia 6 tu. Juu ya hayo, uzito ulioko mwishoni mwa mkia huongeza nguvu ya kila mkupuo. Ukitazama kwa macho, hakuna kilichobadilika. Kidhibiti kipo, TOW/HAUL imewashwa, na mteremko wa kwenda Kyela uko mbele.

Dawa yake ni rahisi kuliko maradhi. Ndizi zipangwe sakafuni juu ya ekseli. Hapo hazibadilishi uzito wa pua. Jenereta iwekwe mbele. Kisha pua ipimwe, na mizani ya mfanyabiashara wa viazi inatosha. Ikiwa haifiki kilo 200, laza ubao imara, ncha moja juu ya tofali na nyingine juu ya mizani, mita 1.5 kati yake. Magurudumu ya tela yazuiwe kwa mawe, kisha pua itue kwenye ubao nusu mita kutoka kwenye tofali. Mizani itaonyesha theluthi moja ya uzito. Toa uzito ambao ubao peke yake uliuonyesha, kisha zidisha kwa tatu. Ukisoma kilo 67, pua ina karibu kilo 200. Ukisoma 43, una ile karavani ya ndizi.

Wala mtu asidhani kwamba pua ikizidi kulemea ndiyo salama zaidi. Kilo 200 zilizokaa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari lenye urefu wa mita 2.85 kati ya ekseli zake huondoa kilo 84 kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayoongoza, na kuyaongezea ya nyuma kilo 284. Usukani huwa mwepesi na taa humulika miti. Kikomo cha kila gari kimeandikwa katika kitabu chake, na matairi ya nyuma yajazwe upepo kama kitabu kinavyoagiza.

Na tela likianza kuyumba, dereva afanyeje? Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani ukiwa umenyooka bila kushindana na kila mkupuo, na asikanyage breki ya gari kwa ghafla. Akiwa na kifaa cha breki ya tela, aikamate hiyo peke yake, taratibu, ili tela livutwe nyuma na kunyooka. Kuongeza mwendo ili kulinyoosha ni imani ya zamani inayoua.

Kidhibiti nacho hufanya kazi kwa mshiko wa matairi tu, na Rungwe ni wilaya ya mvua nyingi na ukungu. Lami iliyolowa ikikosa mshiko, kompyuta haina pa kushika. Hivyo, ile taa ikimeta hata mara moja wakati tela linayumba, isichukuliwe kuwa habari njema kwamba chombo kimeokoa. Ni ushahidi kwamba mzigo, mwendo au matairi yana kosa. Simama mahali pa usalama, tafuta kosa hilo na ulirekebishe, kisha uendelee kwa mwendo mdogo.

Kwa viongozi wanaohusika na magari ya idara, rai yetu ni moja. Fomu ya safari ya gari linalovuta tela iwe na mstari mmoja zaidi: uzito wa pua baada ya kupakia, kwenda na kurudi. Ubao, tofali na mizani ya viazi hupatikana katika kila soko la wilaya hii.