Dharura haiandikwi kundini

Waraka wa mwalimu mkuu kwa wazazi huwa mfupi. Mtoto akiumwa, mwandikie mwalimu wa darasa kabla mahudhurio hayajaitwa. Swali la ada mpelekee mhasibu, pamoja na stakabadhi ya benki. Dharura, piga simu ofisini. Hili la mwisho ndilo linalokosewa, na ndilo linaloniogopesha. Saa nne asubuhi mzazi anaandika kwenye kundi la Wotsapu: leo mtoto wangu asikabidhiwe mjomba wake. Mwalimu anafundisha, simu iko kwenye droo. Kufikia saa sita ujumbe umefunikwa na mazungumzo ya sare. Ofisini kuna mtu wa kupokea, kuandika jina na darasa, kisha kumfuata mwalimu palepale. Isipopokelewa, piga namba ya pili iliyo kwenye waraka.