Kamera Tatu, Sauti Moja: Kurusha Ibada Mubashara kwa OBS

Makanisa mengi ya mijini sasa yana kamera mbili au tatu, kompyuta mpakato moja na kijana aliyejifundisha OBS mwenyewe. Picha mara nyingi huwa nzuri. Kinachowafukuza watazamaji ni sauti. Kamera ikiwa mbele ya mhubiri, neno linasikika vizuri. Ikigeuzwa kuonyesha waumini, mhubiri anasikika kama yumo ndani ya pipa. Kwaya ikianza, sauti inakatika kabisa. Wanaorusha hulaumu mtandao. Kosa kwa kawaida liko katika namna sauti ilivyopangwa ndani ya programu.

OBS Studio ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2012 na Hugh Bailey, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kazi yote imejengwa juu ya orodha mbili. Scenes ni maonyesho, yaani kile mtazamaji atakachokiona kwa wakati mmoja. Sources ni vitu vilivyowekwa ndani ya onyesho: kamera, maandishi, picha, maikrofoni. Ukibadili onyesho, vilivyomo ndani yake vinaondoka pamoja nalo. Kwa picha ndivyo tunavyotaka. Kwa sauti ni balaa, maana maikrofoni iliyowekwa ndani ya onyesho la mimbari itanyamaza mara tu unapohamia kwenye kwaya.

Tuchukue kanisa lenye kamera tatu: moja roshani inayoona ukumbi mzima, moja inayoitazama mimbari, na moja upande wa kwaya. Kila kamera inatoa waya wa HDMI hadi kwenye kapcha kadi yake, na kadi inaingia kwenye USB ya kompyuta. Usizipange kadi zote kwenye kigawanyio kimoja cha USB. Njia hiyo hujaa, na dalili yake ni kamera ya pili au ya tatu kugoma kuonekana, au picha kukwamakwama hata kabla hujaanza kurusha. Gawa kadi kwenye matundu tofauti ya kompyuta yenyewe. Waya wa kawaida wa HDMI nao huanza kusumbua ukipita mita kumi hivi, kwa hiyo amua mapema meza ya kompyuta itakaa wapi.

Kwenye Scenes tengeneza maonyesho matatu, kila moja na kamera yake, kisha la nne litakalokuwa na mimbari pamoja na mistari ya Biblia chini. Katika hilo la nne usiifungue kamera ya mimbari upya. Bonyeza alama ya kujumlisha, chagua aina ileile ya chanzo, halafu Add Existing, uichukue ile uliyokwisha kuiweka. Kadi nyingi hazikubali kufunguliwa mara mbili, na ukilazimisha utapata picha nyeusi. Kisha washa Studio Mode. Upande wa kushoto unaandaa onyesho linalofuata, upande wa kulia ndiyo picha iliyo hewani, na haihami mpaka ubonyeze Transition. Kwa ibada, hili ndilo linalomwokoa anayeongoza kamera: anaiona kamera ya kwaya inatikisika kabla watu hawajaiona.

Sasa sauti. Kanuni ni kwamba picha ihame, sauti isihame. Fungua Settings, kisha Audio, na chini ya Global Audio Devices weka kifaa chako cha kuingizia sauti kwenye Mic/Auxiliary Audio. Sauti iliyowekwa hapo haimilikiwi na onyesho lolote. Inaendelea hata ukibadili kamera mara mia. Desktop Audio iwe Disabled. Ukicheza video kutoka kompyuta hiyo na sauti yake ikapita kwenye miksa ya kanisa, itarudi kwako kupitia miksa, na watazamaji wataisikia mara mbili. Kila kamera yenye alama ya spika kwenye Audio Mixer inyamazishwe. Maikrofoni ya kamera ya roshani iko mbali, na sauti huchukua karibu milisekunde 90 kusafiri mita 30. Ikichanganyika na ile ya miksa, ndiyo ile sauti ya pipa.

Kutoka kwenye miksa, chukua tundu la AUX, si lile linalokwenda kwenye spika za ukumbi. Ngoma na spika za gitaa hujaza ukumbi zenyewe, hivyo fundi wa sauti huziweka chini kwenye miksa, au haziweki kabisa. Ukirusha mchanganyiko wa ukumbi, mtazamaji anapata waimbaji wasio na ngoma. AUX inakuruhusu kupanga mchanganyiko wa hewani peke yake. Iwekwe kwenye PRE, ili fundi akishusha mkono wa ukumbi, hewani kusipungue. Ila PRE ina hatari yake: fundi akishusha mkono tu bila kubonyeza Mute, maikrofoni ya mchungaji bado iko hewani, na mazungumzo yake ya pembeni yanasikika na dunia nzima. Waambieni mafundi mapema: maikrofoni isiyotumika inafungwa kwa Mute.

Hii PRE inatatua pia upweke wa ibada nyingi za mtandaoni, ambamo mhubiri anasema "Haleluya" na hakuna anayeitika. Waumini hawana maikrofoni. Tega moja au mbili zikiwaelekea, zipeleke AUX kidogo tu, na mkono wao wa ukumbi ubaki sifuri. Ukumbi hautapiga mluzi, na nyumbani watasikia watu wakiimba.

Ukisikia sauti upande wa kushoto tu, nenda Advanced Audio Properties uweke alama kwenye Mono. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukitoweka, chanzo ni umeme wa ardhini, na kisanduku cha DI kati ya miksa na kifaa chako kitaukata.

Linabaki suala la midomo kutolingana na maneno. Picha huchelewa kwenye kapcha kadi, sauti hufika mapema. Mtu asimame mimbarini na maikrofoni, apige kofi moja, kamera zote zikimtazama. Rekodi kila kamera kwa zamu, kisha hesabu picha kutoka mlio wa kofi hadi mikono inapokutana. Tuseme unarusha picha 30 kwa sekunde, kila picha ikiwa karibu milisekunde 33. Kamera ya mimbari na ya roshani zimechelewa picha 5, ya kwaya picha 8. Anza kwa kuzisawazisha: zile mbili ziongezee kichujio cha Video Delay (Async) cha milisekunde 100, nazo zitakuwa sawa na ya kwaya. Ndipo uicheleweshe sauti kwa kuandika 265 kwenye Sync Offset. Ukigusa sauti kabla ya kusawazisha kamera, utaponya moja na kuharibu nyingine.

Katika Audio Mixer, mahubiri yacheze kwenye rangi ya manjano, na nyekundu iguswe kwa nadra tu. Wala usiamini masikio yako ukiwa ndani ya ukumbi, kwa sababu spika zinakudanganya hata ukivaa hedifoni. Wekeni mtu mmoja nje ya jengo mwenye simu na visikizi, asikilize matangazo yenyewe tangu wimbo wa kwanza, na apewe njia ya kumfikia fundi wa sauti papo hapo.